Ploti ni yangu, mbona niombe ruhusa kufungua biashara?

Pita Kilimani au Kileleshwa, Nairobi, utaona nyumba nyingi za zamani zilizojengwa kwa ajili ya familia moja ambazo sasa zina kibao cha mkahawa, zahanati, saluni au shule ya chekechea langoni. Baadhi ya wenyewe walifuata utaratibu. Wengine walibomoa ukuta wa sebule, wakaweka meza, wakalipia leseni ya biashara na kuanza kuuza. Siku maafisa wa kaunti wanapofika na ilani ya kusimamisha shughuli, mwenye nyumba hushangaa kweli: hatimiliki anayo, leseni ya biashara anayo, kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba karatasi hizo mbili hazijibu swali ambalo afisa anauliza. Hatimiliki inaonyesha nani ana haki juu ya ploti. Leseni ya biashara inamruhusu mtu fulani kuuza kitu fulani kwa kipindi fulani. Swali la afisa ni la tatu: ploti hii imetengewa kazi gani? Jibu lake liko kwenye ramani ya mipango na, kwa ploti nyingi za Nairobi, kwenye masharti yaliyoandikwa ndani ya hatimiliki yenyewe, kwenye kurasa ambazo wengi hawazisomi.

Tuanze na maneno. Matumizi ya ardhi ni kazi ambayo kipande cha ardhi kimepangiwa. Kwenye ramani za mipango za Kenya kila kazi ina namba na rangi yake. Makazi ni namba 0 na hupakwa kahawia. Viwanda ni 1, zambarau. Elimu ni 2, rangi ya machungwa. Burudani na maeneo ya wazi ni 3, kijani. Huduma za umma ni 4, manjano. Biashara ni 5, nyekundu. Zinafuata huduma kama maji na umeme, namba 6, kisha uchukuzi, namba 7. Kwa hiyo mtu anayetaka kugeuza nyumba yake kuwa mkahawa anaomba ploti yake itoke kwenye kahawia iingie kwenye nyekundu, ingawa majirani wake wote wanabaki kahawia.

Kanda ni jambo jingine kidogo. Ni eneo zima ambalo ploti zake zinafuata kanuni zinazofanana: unajenga nini, unafunika kiasi gani cha ardhi, unapanda orofa ngapi. Nairobi imekuwa ikitumia mwongozo wa kanda wa mwaka 2004, ambao uliweka Kilimani, Kileleshwa, Riverside Drive, Spring Valley na Woodley katika Kanda ya 4. Mwongozo huo umezeeka na umekuwa ukifanyiwa mapitio, kwa hiyo mtu asianze ujenzi kwa kutegemea tarakimu alizozisikia. Akaulize idara ya mipango ya kaunti ni zipi zinazotumika leo. Hata hivyo, tarakimu za 2004 zinafaa sana kwa kueleza jinsi mpangaji miji anavyofikiri.

Chukua ploti ya nusu eka ndani ya Kanda ya 4, yaani karibu mita za mraba 2,000. Mwongozo ulisema kwamba kama eneo lina mtaro wa majitaka, jengo lifunike si zaidi ya asilimia 35 ya ploti. Hiyo ni mita za mraba 700. Kisha ukaweka kipimo cha pili, uwiano wa sakafu, ambao ni jumla ya sakafu za orofa zote ukilinganisha na ukubwa wa ploti. Hapo kikomo kilikuwa asilimia 75, yaani mita za mraba 1,500 kwa orofa zote pamoja. Ukitumia mita zote 700 chini, sakafu zako zinaisha kabla hujamaliza orofa ya tatu. Ukitaka orofa nne, kila moja isizidi mita 375, na ardhi inayobaki nje inakuwa kubwa zaidi.

Sasa angalia kinachotokea pale ambapo hakuna mtaro wa majitaka na kila nyumba ina tangi lake. Uwiano wa sakafu ulishuka kutoka asilimia 75 hadi 25. Ploti ile ile ya mita 2,000 inaruhusiwa mita 500 tu za sakafu, theluthi moja ya zile za kwanza. Mwenye ploti ni yule yule na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali maji machafu yanapokwenda. Ndiyo maana nasema mipango ya miji inaeleweka vizuri zaidi ukianzia chooni kuliko ukianzia kwenye ramani.

Nyumba ya watu sita, tukikadiria lita 150 kwa kila mtu, inamwaga lita 900 kwa siku. Mkahawa unaouza sahani 200 kwa siku, tukikadiria lita 30 kwa sahani kuanzia kupika, kuosha vyombo hadi choo cha wateja, unamwaga lita 6,000. Hiyo ni kama nyumba sita au saba zimehamia kwenye ploti moja. Tena si maji ya aina moja. Mafuta ya jikoni yakipoa huganda, hushika kuta za bomba na kupunguza njia kidogo kidogo. Kama kuna tangi na shimo la kufyonza, mafuta huziba vitundu vya udongo hadi shimo linaacha kunywa maji. Dalili ya kwanza kwa kawaida haionekani kwenye mkahawa. Huonekana kwa jirani wa upande wa chini, ambaye anaona choo chake kinarudisha maji au ukuta wake una unyevu msimu wa kiangazi.

Magari nayo yana hesabu yake. Barabara ya ndani ya mtaa wa makazi ilipimwa kwa magari ya wakazi, yanayotoka asubuhi na kurudi jioni. Mteja wa zahanati huja, hukaa nusu saa, huondoka, na mwingine huchukua nafasi yake. Ploti isiyo na maegesho ya kutosha ndani husukuma magari hayo kando ya barabara, na siku nyumba ya tatu inaungua gari la zimamoto halipiti. Kelele, harufu na mwanga wa usiku ni vitu ambavyo watu hulalamikia kwanza kwa sababu vinasikika, lakini mabomba na barabara ndivyo vinavyoamua maombi mengi, kwa kuwa hivyo ni mali ya wote na havipanuki kwa sababu mtu mmoja amebadilisha kazi ya ploti yake.

Hapo ndipo ruhusa inapoingia. Katiba ya Kenya, kifungu cha 66, inaipa serikali mamlaka ya kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama wa umma, afya na mipango ya matumizi ya ardhi. Neno la kuangalia ni "yoyote". Kuna imani iliyoenea kwamba mwenye umiliki huru, usio na kikomo cha miaka, anaweza kufanya apendalo, na kwamba kanuni hizi ni za wenye ploti za kukodishwa na serikali kwa miaka 99 au 50. Si kweli. Tofauti kati ya hao wawili ni kwamba mwenye ukodishaji ana kikwazo cha ziada.

Kikwazo hicho ni masharti maalumu yaliyoandikwa kwenye hati ya ukodishaji. Fungua kurasa za ndani za hati ya zamani ya mtaa wa makazi wa Nairobi na mara nyingi utakuta sharti linalosema ardhi na majengo yatumike kwa nyumba moja tu ya makao ya faragha, bila nyumba ya wageni, pamoja na vijumba vyake vya huduma. Huo ni mkataba kati ya mwenye ploti na mwenye ardhi, yaani serikali. Kufungua mkahawa humo ni kuvunja mambo mawili kwa mpigo: sheria ya mipango na mkataba wa ukodishaji. Na kila moja linarekebishwa katika ofisi yake.

Sheria ya mipango inayotumika ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi Namba 13 ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Katika sheria hii neno "uendelezaji" halimaanishi kujenga peke yake. Kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo au ardhi ni uendelezaji pia, hata kama hukusogeza tofali moja. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba "mimi sikujenga kitu, nimeweka meza tu" hajajibu shtaka. Kifungu cha 57 kinataka idhini ya kaunti kabla ya kuanza, na anayeanza bila idhini akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Tufuate ombi la ploti yetu ya nusu eka. Mwenyewe ana nyumba ya familia moja, hati ya ukodishaji yenye sharti la nyumba moja ya makao, na anataka mkahawa wa viti 80. Kabla ya kulipa mtu yeyote, atafute rekodi ya ploti. Kwa Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa rekodi za ardhi. Anatafuta mambo matatu: jina lake liko sawa, masharti yanasemaje, na kama kuna rehani. Kama benki inashikilia hati kwa mkopo, benki lazima ikubali, kwa sababu dhamana yake ndiyo inayobadilishwa. Wengi hugundua jambo hili mwishoni, baada ya kulipia kila kitu, wakati hati inapohitajika mezani na haipo nyumbani.

Kisha anamtafuta mpangaji miji aliyesajiliwa. Huyu ndiye anayeandaa ripoti ya mipango na kuwasilisha maombi. Ripoti nzuri haisemi tu kwamba mradi utaleta ajira. Inaonyesha majirani wanatumia ploti zao kwa kazi gani, barabara ina upana gani, maji yanatoka wapi, majitaka yanakwenda wapi, magari yatakaa wapi na mafuta ya jikoni yatanaswa kwa mtego gani kabla ya kuingia kwenye bomba. Kwa mkahawa wetu wa viti 80, mchoro usioonyesha maegesho na mtego wa mafuta ni sawa na kuandika barua ya kujikatalia. Pamoja na ripoti huambatanishwa nakala ya hati, ramani ya upimaji wa ploti, na uthibitisho kwamba ushuru wa ardhi wa kaunti na kodi ya ardhi ya serikali kuu havina deni.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibika kuliko zote: tangazo. Maombi ya kubadilisha matumizi hayafanywi kimya kimya. Umma huarifiwa kupitia magazeti, na bango huwekwa kwenye ploti likieleza namba ya ploti, matumizi ya sasa na yanayoombwa. Mwenye pingamizi ana siku 14 tangu tangazo litoke. Kosa la kawaida ni namba ya ploti kuandikwa vibaya, au bango kutundikwa ndani ya lango ambako jirani hawezi kulisoma, au matumizi kuandikwa "biashara" bila kusema ni biashara gani. Mwombaji anadhani ameepuka maneno ya majirani. Kumbe amewapa silaha, kwa sababu idhini iliyopatikana bila umma kuarifiwa ipasavyo ni rahisi kupingwa, na hupingwa baada ya pesa kumwagwa kwenye jiko.

Upande wa jirani, siku 14 ni chache. Barua ya pingamizi itaje namba ya ploti na tarehe ya tangazo, iseme mwandishi anaishi umbali gani, na ieleze madhara yanayopimika: mtaro unafurika wapi, barabara ina upana gani, tangi la majitaka liko mita ngapi kutoka kisimani. "Hatutaki mkahawa hapa" ni hisia halali, lakini afisa hawezi kuigeuza kuwa sharti. "Barabara ina mita sita na magari hayawezi kupishana yakiegeshwa upande mmoja" anaweza. Jirani apeleke nakala mbili na kubaki na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Maombi hayo pia hupelekwa kwa idara na taasisi nyingine ili zitoe maoni: barabara, maji na majitaka, afya, zimamoto, mazingira. Mradi mkubwa huhitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na leseni hiyo haichukui nafasi ya idhini ya kaunti wala idhini ya kaunti haichukui nafasi yake. Kaunti inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Matokeo ya tatu ndiyo bora kwa mkahawa wetu: fungueni, lakini magari yote yaegeshwe ndani, mtego wa mafuta usafishwe, na muziki wa nje usipigwe. Masharti hayo ni sehemu ya idhini. Anayeyaacha amerudi pale alipokuwa kabla ya kuomba.

Asiyeridhika, awe mwombaji au jirani, ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya masuala ya mipango na matumizi ya ardhi, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Watu wengi huruka kamati na kukimbilia mahakamani, na kesi huanza kwa kuulizwa kwa nini hawakupitia kamati.

Kuna pia habari ya siku 60, ambayo imepotosha wengi. Sheria inasema kweli kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi kwa siku 60 huhesabiwa kuwa amepewa idhini. Sitamshauri mtu anunue majiko kwa kutegemea kifungu hicho peke yake. Utatakiwa kuthibitisha kwamba maombi yalikuwa kamili na yalipokelewa tarehe fulani, na kwamba hakuna barua iliyotumwa kuomba nyongeza. Barua ya kuomba marekebisho ya mchoro, hata ikitumwa kwa mpangaji wako badala yako, ni jibu la maandishi.

Idhini ikipatikana, mwenye umiliki huru amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Mwenye ukodishaji yuko nusu ya njia tu, na hapa wengi husherehekea mapema. Kaunti imebadilisha kazi ya ploti kwenye mipango, lakini hati bado inasema nyumba moja ya makao. Inabidi faili liende upande wa usimamizi wa ardhi, Wizara ya Ardhi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambako ploti huthaminiwa upya, kodi ya ardhi hukadiriwa kwa matumizi mapya, hati ya zamani husalimishwa na nyingine yenye masharti mapya kutolewa. Kodi ya ardhi ya biashara huwa juu kuliko ya makazi, na anayepanga bajeti ya mkahawa aihesabu tangu mwanzo. Asiyekamilisha hatua hii hugundua tatizo siku anapouza: wakili wa mnunuzi anasoma hati, anaona sharti la nyumba ya makao, anatazama mkahawa, na bei inashuka au mauzo yanakufa.

Hilo linatuleta kwa wanunuzi, ambao ndio wanaoumia zaidi. Madalali hutumia neno "ploti ya kibiashara" kumaanisha ploti iliyo kando ya lami. Lami haibadilishi matumizi. Pembezoni mwa Nairobi, kuelekea Kiambu, Kajiado na Machakos, ploti nyingi za futi 50 kwa 100 zimekatwa kutoka mashamba, na ukisoma rekodi bado ni ardhi ya kilimo. Muuzaji atakuonyesha idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi na kukuambia kila kitu kiko tayari. Idhini hiyo inahusu kuuza au kugawa shamba. Haijagusa swali la kazi ya ploti. Mnunuzi aombe barua ya kaunti ya kuidhinisha mabadiliko, kisha aende na namba yake kwenye idara ya mipango kuuliza kama iko kwenye faili. Barua ya kughushi huonekana halisi kabisa hadi faili linapofunguliwa.

Hoja ya mwisho ambayo kila afisa wa mipango ameisikia ni hii: "Mbona jirani ana baa na hakuna anayemsumbua?" Pengine jirani ana idhini. Pengine hana, na zamu yake haijafika. Kwa vyovyote, kosa lake halikupi haki. Lakini hoja hiyo ina ukweli fulani ndani yake, na mpangaji mzuri ataitumia kwa njia iliyo halali: kama ploti nyingi za barabara hiyo zimebadilishwa kwa idhini, ripoti iziorodheshe kwa namba zake, ionyeshe kwamba tabia ya barabara imekwisha kubadilika na kwamba mtaro uliopo bado unaweza kubeba ploti moja zaidi. Kama mtaro hauwezi, orodha ya majirani inageuka kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji, maana kila aliyetangulia amekwisha kutumia sehemu ya nafasi iliyokuwepo.